Ami amekataa milioni 25 za shamba la baba. Tumshtaki?

*Bi Karani, salaam aleikum.*

*Mimi ni kijana wa miaka 24, natoka upande wa Takaungu. Mama alitangulia, na mwaka jana baba naye akafuata. Babu na bibi walikufa zamani. Tumebaki watatu: mimi, dada yangu wa miaka 15 na mdogo wetu wa kiume wa miaka 9. Baba hakuacha pesa wala deni. Aliacha shamba la minazi la ekari 5, na hati yake ipo. Miezi minne iliyopita Kadhi aliwapa ami na shangazi barua ya kusimamia mirathi. Wadogo zangu wanakaa kwa ami.*

*Mwezi uliopita alikuja mnunuzi na dalali wake. Wanalitaka shamba zima kwa shilingi milioni 25. Jirani yetu aliuza mwaka jana ekari moja kwa milioni 3, tukamwona amepata. Ami alikuwa barazani anafua nazi. Akawakaribisha, akawapa kahawa, akawasikiliza mpaka mwisho. Mnunuzi akatoa mkataba wa kurasa mbili na hundi ya milioni mbili u nusu, akasema huo ni mwanzo, mengine yatafuata. Ami akauliza, "Na huyu wa miaka tisa, pesa zake atashika nani?" Dalali akacheka: "Si wewe, mzee!" Ami akairudisha hundi kwenye bahasha, akasema, "Basi hapo ndipo ninapoogopa." Akarudi kwenye nazi zake.*

*Tangu siku hiyo nyumbani hapakaliki. Dalali ananipigia simu, ananiambia ami anangoja tusahau ili auze peke yake. Na kweli nazi anauza yeye, hesabu sijawahi kuiona. Mimi nina mpango wa kununua matatu na fungu langu linanitosha. Je, naweza kumshtaki alazimishwe kuuza? Ama niuze fungu langu nijitoe?*

*Mwenye Haki, Kilifi*

---

Waaleikum salaam, mwanangu, na poleni kwa misiba miwili.

Nianze na ile hundi, maana ndiyo iliyokuuma. Ami yako angeichukua, mngekuwa mahakamani sasa hivi, na nyinyi ndio mngekuwa mnajitetea. Barua waliyopewa yeye na shangazi inawaruhusu kukusanya mali ya marehemu, kuilinda, kuiandikia orodha na kulipa madeni. Kuuza ardhi haimo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakataza msimamizi kuuza mali isiyohamishika kabla barua hiyo haijathibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho hauombwi mpaka miezi 6 ipite tangu barua itolewe. Nyinyi mna minne. Kinachongojwa ni karatasi ya pili, cheti cha uthibitisho, ambayo ndani yake mahakama imeandika majina ya warithi na fungu la kila mmoja. Utaambiwa sheria hiyo haiwahusu Waislamu. Katika kugawa mafungu ni kweli, nyinyi mnafuata sharia. Lakini sehemu yake ya 7, inayohusu usimamizi, inamgusa Muislamu pia pale isipopingana na dini yake, na sijaona Kadhi aliyesema kumlinda yatima kunapingana na dini.

Kwa hiyo ule mkataba wa kurasa mbili ulikuwa karatasi tupu. Wanunuzi wakubwa wana mawakili na wanalijua hili vizuri. Hutoa amana mapema kwa sababu wanawajua wafiwa: pesa ikishaingia nyumbani italiwa, na ikishaliwa hamna tena ubavu wa kukataa. Cheti kitakapotoka, bei itakuwa ile ile ya siku ya hundi, au mtaambiwa rudisheni milioni mbili u nusu ambazo hamnazo. Na anayejiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini ana kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini ni ndogo. Mzee wa rika la ami yako hafikirii faini, anafikiria kifungo.

Hiyo ni sababu ya karatasi. Ipo nyingine iliyo nzito zaidi, na nahisi ndiyo iliyokuwa moyoni mwake alipouliza lile swali.

Watu wengi wa pwani hudhani ami ndiye mlezi wa mali ya watoto wa nduguye kwa sababu tu ni damu ya baba. Kwa Mashafi, ambao ndio sisi wengi hapa mwambao, sivyo. Mwenye mamlaka juu ya mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha yule aliyeusiwa na mmoja wao, na hawa wakikosekana ni Kadhi. Ami hayumo. Anachokishika ami yako amekipata kwa Kadhi, na atakihesabia kwa Kadhi. Na hata mlezi aliyekamilika hana ruhusa ya kuuza nyumba au shamba la yatima kwa kuwa tu bei imempendeza. Wanazuoni wameweka milango miwili. Mmoja ni haja: mtoto hana chakula, hana matibabu, hana karo, na hakuna kingine cha kumtimizia ila kuuza. Wa pili wanauita ghibta, yaani faida iliyo wazi kwa mtoto mwenyewe: bei inazidi ya soko, na kwa sehemu tu ya pesa hiyo unaweza kumnunulia mali nyingine kama ile ile au bora kuliko ile, kisha akabakiwa na ziada. Faida ya kaka yake mwenye shauku ya matatu haihesabiwi.

Mlango wa haja kwenu umefungwa kwa sababu minazi inawalisha. Tuupime wa pili, na hapa sitampendelea ami yako.

Mafungu yenu ni mepesi, maana hakuna mrithi mwingine wa kugawana nanyi. Mwanamume huchukua mara mbili ya mwanamke: wewe mawili, dada moja, mdogo mawili, jumla matano. Kwenye ekari 5 ni ekari 2, ekari 1, na ekari 2. Kwa bei ile, fungu la mdogo wako ni milioni 10. Ukiweza kumpatia ekari 2 nyingine kwa bei ya jirani ya milioni 3, umetumia milioni 6 na mtoto amebakiwa na 4. Kwenye karatasi hiyo ni ghibta kabisa, na mlezi anayeikataa bila kuichunguza anamkosesha mtoto haki yake.

Sasa nionyeshe hizo ekari 2 ziko wapi. Tangu serikali ya kikoloni ilipoleta sheria ya hati za ardhi ya pwani mwaka 1908, wengi ambao hawakuwahi kudai mashamba yao waliambiwa ni ya serikali, na mpaka leo kuna familia zinazolima ardhi zisiyokuwa na karatasi yake. Ardhi rahisi utakayotembezwa na dalali nyingi ni ya namna hiyo: mnaandikiana kwa mzee wa mtaa, mnapeana mkono, na baadaye anatokea mwenye hati kutoka Mombasa au Nairobi. Kumtoa yatima kwenye shamba lenye hati safi ukamweka kwenye ardhi ya kuandikiana si ghibta, hata ukimwongezea milioni 4 juu. Ghibta inathibitika pale ambapo shamba la pili limeshapatikana, limefanyiwa sachi kwenye ofisi ya ardhi, mpima amelikanyaga na kuona mipaka inalingana na ramani, na muuzaji yuko tayari. Siku ile barazani hakuna kimoja kati ya hivyo kilichokuwapo. Palikuwa na hundi tu.

Utaniambia milioni 10 ziwekwe benki. Ziwekwe kwa jina la nani, mwanangu? Mtoto wa miaka 9 haendeshi akaunti mwenyewe, kwa hiyo tumerudi kwenye swali la ami na kicheko cha dalali. Na tuchukulie ami ni malaika. Kwa Mashafi mali ya yatima inatolewa zaka, na pesa taslimu zikipitiwa na mwaka ni mbili u nusu kwa mia. Mwaka wa kwanza ni shilingi 250,000. Mpaka mdogo wako afike 18 ni miaka 9, na pesa iliyokaa tu bila kuzalisha itakuwa imeshuka kutoka milioni 10 mpaka karibu milioni 8, kabla hujahesabu kupanda kwa bei za vitu na karo. Hii ndiyo sababu imesimuliwa kutoka kwa Umar bin Khattab kwamba mali ya mayatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Shamba la kukaa nalo halina zaka juu ya thamani yake, na nazi kwa Mashafi hazimo katika mazao yanayotolewa zaka. Ardhi inakaa ikimngoja mtoto. Pesa inapungua hata isipoguswa.

Na hujajiuliza kwa nini mtu anatoa milioni 5 kwa ekari ambayo jirani ameuza 3. Wanunuzi hawatoi sadaka. Nenda ofisi ya ardhi, omba ramani ya eneo lenu, ulize ploti zinazolizunguka shamba zimeandikwa kwa nani sasa. Nimeona mara nyingi kwamba mtu ameshanunua nyuma na ubavuni, na shamba lililobaki ndilo lenye njia ya kufikia barabara au bahari. Kama ndivyo, ananunua njia. Minazi atakata. Basi milioni 5 ni bei yake ya kuanzia, na huenda mnaweza kumkodisha au kumuuzia kipande chembamba cha njia mkabaki na shamba. Kama sivyo pia ni faida kujua, maana ofa iliyozidi soko bila sababu yoyote inatia shaka hata kabla ya kuangalia hundi kama ina pesa nyuma yake.

Nikupe mfano wa faili moja lililonipitia mikononi nilipokuwa karani kwa wakili. Sitasema mji. Mlezi alikuwa mjomba wa watoto, mtu wa swala tano, hakuwa mwizi. Alipata cheti kilichothibitishwa, akauza shamba kwa bei nzuri kuliko zote mtaani, nia yake akajenge nyumba za kupangisha kwa ajili ya watoto. Ploti aliyonunua ikawa na kesi. Nyumba zikasimama kwenye linta. Pesa iliyobaki ikaenda kwa mawakili, kisha kwa karo, kisha kwa ugonjwa wa mjomba mwenyewe. Mtoto mkubwa alipofika 18 akaja ofisini kwetu na swali kama lako lililogeuzwa: namshtaki vipi mnunuzi nirudishiwe shamba? Wakili akamfungulia kifungu cha 93. Mnunuzi aliyenunua kwa mtu mwenye barua ya mahakama, bila kushiriki hila yoyote, analindwa, hata barua yenyewe ikija kufutwa baadaye. Kilichobaki kwa kijana yule ni kumdai mjomba, na mjomba alikuwa hana kitu ila kitanda na redio. Kijana hakufungua kesi. Alichukua nakala ya hati ya zamani, akaikunja mara nne akaitia mfukoni.

Ndiyo maana namwona ami yako ameshika mahali penyewe. Akikataa leo, shamba lipo na kesho mnaweza kukaa tena. Akikubali na akakosea, hakuna mahakama itakayomrudishia mtoto ardhi kwa urahisi.

Lakini sijamaliza naye. Kuhusu hesabu una haki, na hapo ami amekosea kukaa kimya. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 6 tangu barua itolewe apeleke mahakamani orodha kamili ya mali na hesabu ya kila kilichoingia na kutoka. Wewe kama mrithi unaweza kuiomba mahakama imwagize hata nje ya muda huo. Kabla hujafika huko muombe kwa adabu, na ujue unachouliza. Shamba lenu likiwa na minazi kama 50 kwa ekari, ni kama 250. Toa michanga na iliyozeeka, tuseme inazaa 200. Ikikwewa kila baada ya miezi mitatu, na mnazi mmoja ukatoa nazi saba mpaka kumi, kila mkwezo unatoa nazi 1,400 mpaka 2,000. Toa ujira wa mkwezi, ambaye hulipwa kwa idadi ya minazi aliyokwea, na usafiri mpaka sokoni. Mkwezi anajua alikwea mingapi, kwa hiyo ndiye shahidi wako. Daftari la ami likionyesha nazi 1,500, huyo ni mwaminifu. Likionyesha 600 mkwezo hadi mkwezo na minazi inaonekana ina afya, una swali la kumpelekea Kadhi. Na kama hakuna daftari kabisa, usikimbilie kusema ameiba. Wazee wengi hawaandiki. Nunua daftari wewe, kaa naye siku ya kukwea, andika.

Jua pia kwamba akijilipa kidogo kwa kazi yake hajaharamisha. Suratu Nisaa aya ya 6 inamtaka mlezi mwenye uwezo ajizuie, na aliye fakiri ale kwa kadiri ya ada. Aya hiyo hiyo inataka mtoto ajaribiwe, akionekana amebaleghe na ana busara ya mali akabidhiwe mali yake mbele ya mashahidi. Mdogo wako anapomsaidia ami kuhesabu nazi, ameshaanza kujaribiwa.

Sasa wewe na matatu yako. Una miaka 24, ekari 2 ni zako, na hakuna wa kukuwekea kizuizi maisha yote kwa sababu una wadogo. Kumshtaki ami auze shamba zima ni kesi utakayoshindwa, kwani ekari 5 zinagawika bila kuharibika na Kadhi hana sababu ya kuuza cha watoto ili wewe upate chako. Omba mgawanyo. Subirini miezi 6 ikamilike, ami na shangazi waombe uthibitisho, na mhakikishe cheti kinataja ekari za kila mmoja, si "warithi kwa pamoja". Kisha mpima ardhi aje, achore mutesheni, ploti tatu zitoke kwenye moja. Kurithi kwenyewe hakuhitaji kibali cha bodi ya ardhi, lakini shamba la kilimo likigawanywa kuwa hati zaidi ya moja kibali kinahitajika, na siku utakapouza zako utakihitaji tena, kiombwe ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Mauzo bila kibali hicho ni batili.

Hapo kwenye kuchora ndipo pa kuangaliana machoni. Kama kweli upo upande wenye njia, usikubali upimwe wote kwako, hata mpima akiwa rafiki wa dalali. Ekari 2 za mbele na ekari 2 za nyuma si sawa, na mdogo wako hawezi kusema. Njia ichorwe kwenye ramani ifike ploti zote tatu. Ploti za wadogo zisajiliwe chini ya walezi wao kwa amana, na muombe msajili aweke kizuizi kwamba zisihamishwe bila amri ya mahakama. Kizuizi hicho kinamlinda mdogo wako dhidi ya ami, dhidi yako, na dhidi ya dalali, na ami mwenye nia njema atakuwa wa kwanza kukiomba. Akikataa kukiomba, niandikie tena, maana hapo nitaanza kumsikiliza dalali wako.

Mnunuzi naye hamjamfukuza. Mwambieni aweke ofa kwa maandishi kupitia wakili, bila amana, na aandike atangoja cheti. Aseme pia bei ya ekari 2 peke yake, ambazo ni zako. Ukiona bei imeanguka ghafla anapoambiwa anunue chako tu, umeshajua alikuwa analipia nini. Akishikilia milioni 5 kwa ekari na akangoja, basi ami apeleke jambo la mafungu ya watoto kwa Kadhi likiwa na shamba mbadala mkononi, hati, sachi na bei, Kadhi aamue kama ni ghibta. Hapo akiendelea kukataa bila kutoa sababu, mimi nitakuwa upande wako.

Simu za dalali acha kupokea. Kamisheni yake inatoka kwenye milioni 25, na kwenye ekari 2 zako ni ndogo mno kumfanya akupigie kila siku.

Na kabla hujaenda kwa ami, kaa na dada yako. Umemtaja kwa umri tu. Ana ekari yake, miaka mitatu tu atakuwa mtu mzima mwenye sahihi yake, na huenda amesikia mengi hapo nyumbani ambayo wewe na dalali hamjayasikia. Muulize anataka ekari yake iwe upande gani wa shamba, umwandikie kwenye daftari lile lile.